Kufunga hesabu ya wakala wa pesa kwa simu: anza na floti, malizia na droo

Mtaji wa wakala hukaa mahali pawili kwa wakati mmoja: noti zilizomo kwenye droo na floti, yaani salio la pesa ya simu, iliyomo kwenye laini. Mteja akiweka 50,000, droo inaongezeka 50,000 na floti inapungua 50,000. Akitoa, inakuwa kinyume chake. Kwa hiyo ukijumlisha droo na floti, jumla haitikisiki hata uhudumie wateja mia kwa siku. Kufunga hesabu kote kunasimama juu ya jambo hilo moja, na wakala aliyelishika vizuri hababaiki usiku akikuta droo imejaa noti au imebaki tupu.

Jumla hubadilika kwa mambo machache tu. Inapanda kamisheni ikiingia, au ukiongeza mtaji. Inashuka ukitumia pesa ya kibanda, au ukichukua ya nyumbani. Nje ya hayo, jumla ikipanda au ikishuka, kuna kosa, na kosa hilo lina mahali pake na saa yake. Makato anayokatwa mteja wakati wa kutoa hayamo katika hesabu hii. Mteja akitoa 100,000, wewe unampa 100,000 na floti yako inapanda 100,000. Ada na tozo zinatoka kwenye akaunti yake na kwenda zinakokwenda, hazipiti kwako. Nawaona vijana wapya wakizijumlisha ada hizo kwenye daftari kisha wanashangaa kwa nini kila siku wana upungufu.

Mwongozo huu ni wa mwenye kibanda kimoja, laini mbili au tatu za wakala, droo moja na daftari. Mfano nitakaoufanyia hesabu ni wa kibanda cha Konde, kaskazini ya Pemba, siku za mwisho za Ramadhani, wakati jamaa walioko Unguja na Dar es Salaam wanapotuma pesa za sikukuu na watu wanakuja kutoa tangu asubuhi. Tarakimu ni za mfano. Laini sizitaji kwa jina la mtandao kwa sababu utaratibu wa kulipa kamisheni hutofautiana na hubadilika. Nitaziita laini ya kwanza na laini ya pili.

Asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza

Fungua droo uhesabu, hata kama jana usiku ulihesabu. Panga noti kwa aina: za elfu kumi, elfu tano, elfu mbili, elfu moja, kisha sarafu. Andika idadi ya kila aina, si jumla peke yake, kwa sababu jioni ukikuta pungufu ya 10,000 utataka kujua kama ni noti moja ya elfu kumi au mbili za elfu tano. Halafu uliza salio la kila laini kwenye menyu ya wakala na uliandike kama lilivyo kwenye skrini. Usiandike salio unalolikumbuka.

Kama kibanda kinauza pia maji, soda na vocha, pesa ya bidhaa iwe na droo yake au mkebe wake. Hili silegezi. Droo ikichanganywa, kila upungufu utapata kisingizio cha soda na kila ziada itaitwa faida ya maji, na hutajua lolote la kweli juu ya uwakala wako.

Asubuhi ya mfano wetu ilikuwa hivi:

```
Droo               620,000
Laini ya kwanza    480,000
Laini ya pili      350,000
JUMLA YA KUANZIA 1,450,000
```

Mchana: cha kuandika na cha kutofuta

Kila muamala uandikwe pale pale, mteja akiwa bado mbele yako: saa, laini, kuweka au kutoa, kiasi, na tarakimu nne za mwisho za namba ya muamala. Jina na namba ya simu ya mteja vitakuwamo kwenye rejista ya mtandao kama wanavyotaka, lakini kwa kufungia hesabu hizo tano zinatosha.

Miamala isiyo ya wateja ndiyo inayosahaulika zaidi. Kununua floti kwa wakala mkuu, kumuuzia floti wakala wa jirani, kupeleka noti benki, kuhamisha kamisheni kwenda kwenye floti: yote hayo yanasogeza pesa kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine na lazima yawe na ukurasa wake. Siku ya kutoa kwingi kama hii, noti huisha na floti hujaa, basi wakala wa Konde alimpa mwenzake floti ya 200,000 kutoka laini ya pili akapokea noti. Msimu wa karafuu mambo huwa kinyume. Wakulima wakishauza wanakuja na noti kuweka na kutuma, droo inafura na floti inakauka, na hapo ndipo safari za kwenda kwa wakala mkuu au benki zinapoongezeka.

Ukipeleka noti benki na floti haijaingia, pesa hiyo haipo kwenye droo wala kwenye laini. Iandikie safu yake, iite "njiani". Ukipeleka Ijumaa mchana inaweza kukaa njiani kupita vile ulivyotarajia, na bila safu hiyo utalala na upungufu ambao haupo.

Meseji za uthibitisho usizifute mpaka hesabu ya siku imefungwa. Kila meseji inabeba salio jipya baada ya muamala, na mlolongo wa masalio hayo ndio chombo chako kikubwa cha kutafutia kosa. Nitauonyesha kazini hapa chini.

Ukifunga kwa sala ya Adhuhuri, tumia dakika mbili kuandika salio la kila laini na kuhesabu droo kwa haraka. Huhitaji kufunga hesabu nzima. Jioni ukikuta tofauti, utajua ni ya asubuhi au ya mchana, na nusu ya kutafuta itakuwa imekwisha.

Usiku: kwa nini floti inatangulia

Mawakala wengi huanza kwa kuhesabu noti, wakikuta pungufu wanashikwa na wasiwasi, wanaanza kupekua mifuko. Mpangilio huo unawachelewesha. Salio la floti linahesabiwa na mtandao. Likitofautiana na daftari, karibu kila mara aliyekosea ni daftari: kuna muamala haukuandikwa, umeandikwa mara mbili, au umeandikwa upande usio wake. Noti hazina mtunza kumbukumbu kama huyo. Hakuna mtambo unaojua ulitoa noti ngapi mkononi. Kwa hiyo sahihisha kwanza daftari mpaka lipatane na floti ya kila laini, shilingi kwa shilingi. Daftari likishakuwa sahihi, tofauti itakayobaki kwenye droo ni ya kweli, ni noti zilizotoka au zilizoingia bila haki.

Hesabu ya floti kwa kila laini ni hii:

```
floti ya kuanzia
 - kuweka
 + kutoa
 + floti iliyonunuliwa
 - floti iliyouzwa
 + kamisheni iliyoingia kwenye floti
 = floti inayotarajiwa
```

Na ya droo inakwenda kinyume:

```
droo ya kuanzia
 + kuweka (laini zote)
 - kutoa (laini zote)
 - noti za kununulia floti
 + noti za floti iliyouzwa
 - matumizi
 = droo inayotarajiwa
```

Tukirudi Konde. Laini ya kwanza, kwa mujibu wa daftari, ilikuwa na kuweka 310,000 na kutoa 540,000, na kamisheni yake ya 4,850 huingia papo hapo kwenye floti. Inayotarajiwa ni 480,000 toa 310,000, jumlisha 540,000, jumlisha 4,850, yaani 714,850. Skrini ilisema 714,850. Laini hiyo imefungwa, haiguswi tena.

Laini ya pili ilikuwa na kuweka 185,000, kutoa 260,000 na ile floti ya 200,000 aliyouziwa jirani. Kamisheni yake hukaa kwenye akaunti ya pembeni, haimo kwenye floti. Inayotarajiwa ni 350,000 toa 185,000, jumlisha 260,000, toa 200,000, sawa na 225,000. Skrini ikasema 195,000. Pungufu 30,000.

Hapa hupaswi kukimbilia kupiga simu huduma kwa wateja. Chukua meseji za laini hiyo, anza na salio la asubuhi, fuata mlolongo. Salio la meseji moja, ukitoa au ukijumlisha kiasi cha muamala unaofuata, lazima likupe salio la meseji inayofuata. Weka alama kwenye daftari kila muamala uliokutana na meseji yake. Kule Konde, mlolongo ulipofika baada ya saa nane mchana kukatokea meseji ya kuweka 30,000 isiyokuwa na mstari kwenye daftari. Kijana akakumbuka mara moja. Mzee wa mtaani alikuja akasema, "Mwanangu, nitilie thelathini kwenye simu ya mke wangu, pesa nakuletea baada ya kufutari." Akajibu, "Haya ami," akatuma, na kwa kuwa hakupokea noti hakuandika.

Kukopesha kwa namna hiyo ni kuweka kama kuweka kwingine, isipokuwa noti hazijafika. Daftari likasahihishwa: kuweka kwa laini ya pili ni 215,000, floti inayotarajiwa ni 195,000, imepatana. Na 30,000 ikaingizwa kwenye safu ya madai, kwa jina la mzee. Madai ni mali yako lakini si noti, na usiku ule usiyahesabu kama yamo kwenye droo.

Sasa droo. Kuanzia 620,000, jumlisha kuweka kwote 525,000, toa kutoa kwote 800,000, jumlisha 200,000 za floti iliyouzwa, toa 6,000 za umeme wa Tukuza, toa 30,000 ambazo mzee hajaleta. Inatakiwa 509,000. Zilizohesabiwa ni 499,000.

Jumla ya kila kitu inathibitisha hivyo hivyo. Inayotarajiwa ni 1,450,000 jumlisha kamisheni 4,850, toa matumizi 6,000, sawa na 1,448,850. Iliyopo ni 714,850 na 195,000 na 499,000 na dai la 30,000, sawa na 1,438,850. Imepungua 10,000, na kwa kuwa floti zote mbili zimepatana, pungufu hiyo ilitokea mkononi, si kwenye simu.

Tazama palikuwaje kabla ya kuanza na floti. Droo na laini kwa pamoja zilionyesha upungufu wa 40,000. Anayetafuta 40,000 angetafuta muamala wa 40,000, na haupo. Kulikuwa na mambo mawili yasiyohusiana, moja lina jina la mtu na jingine ni hasara. Kuyatenganisha ndiyo kazi yenyewe.

Kuisoma tofauti kabla ya kuitafuta

Ukubwa na upande wa tofauti husema mengi, ukiyajua machache.

Floti ikiwa juu ya daftari na droo ikiwa chini yake kwa kiasi kilekile, au kinyume chake, na jumla iko sawa, hakuna shilingi iliyopotea. Ni daftari. Kiasi hicho kikiwa sawa na muamala mmoja, huo haukuandikwa. Kikiwa mara mbili ya muamala mmoja, umeuandika kutoa mahali pa kuweka, kwa hiyo tofauti ya 80,000 inakuambia utafute 40,000. Kikigawanyika kwa tisa bila kubaki, tazama tarakimu zilizobadilishana nafasi: 54,000 iliyoandikwa 45,000 inaacha 9,000.

Jumla ikipungua kwa kiasi cha muamala mzima wa kuweka, tazama kama umetumwa mara mbili. Mtandao ukizubaa, mteja anasema haijafika, wakala anarudia, kisha zote mbili zinafika. Meseji zitakuwa mbili, zenye namba mbili tofauti za muamala, dakika chache baina yake. Kanuni yangu ni kutorudia kabla ya kuuliza salio la laini, maana salio likishapungua pesa imekwenda hata kama mteja hajaiona.

Jumla ikipungua kwa kiasi cha kutoa, na laini haionyeshi kutoa huko, mtu amekuonyesha meseji ya uongo ukampa noti. Meseji ya kweli huja kwenye simu yako, na salio lako linapanda. Kinachoonekana kwenye simu ya mteja si ushahidi, hata awe ndugu yako.

Jumla ikizidi, watu hufurahi, na hapo ndipo pa kuhofu zaidi. Ziada ya 50,000 mara nyingi ni mteja aliyekuachia noti na muamala haukukamilika, au uliyempa pungufu wakati wa kutoa. Ni pesa ya mtu. Iweke kwenye bahasha yenye tarehe na kiasi, iandike, na umsubiri mwenyewe. Atarudi, tena atarudi na hasira, na ukiwa na bahasha jambo litakwisha mlangoni.

Pesa iliyokwenda namba isiyo yake ina safu yake pia. Wapigie mtandao haraka ukiwa na namba ya muamala, kisha iandike kama inayofuatiliwa. Isifutwe mpaka irudi, wala isihesabiwe kama floti, kwani mpokeaji akishaitoa huenda isirudi kabisa.

Zile 10,000 za Konde hazikuonekana. Walihesabu noti mara ya pili kwa mtu mwingine, wakaangalia mkebe wa bidhaa, wakalinganisha idadi ya noti za elfu kumi. Yaelekea mteja wa kutoa alipewa noti moja zaidi katika msongamano wa mchana. Kwenye ukurasa iliandikwa "upungufu 10,000", mwenye zamu akatia saini, na siku iliyofuata ikaanza na 499,000 ilizonazo droo. Usijaze pengo kimyakimya kwa pesa ya mfukoni ili ukurasa uonekane safi. Ukifanya hivyo umeongeza mtaji bila kuuandika, na baada ya wiki mbili hutaweza kujua kibanda kinapoteza kiasi gani wala kwa zamu ya nani.

Kamisheni

Nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayoficha upungufu kuliko kitu kingine. Chukua laini ya pili. Kamisheni inajikusanya pembeni, siku moja unaihamisha, tuseme 80,000, iingie kwenye floti. Floti inapanda bila droo kushuka. Usipoandika uhamisho huo, siku hiyo utaonekana una ziada ya 80,000. Na kama kijana wa zamu alipoteza 80,000 wiki hiyo bila kuandika, mambo mawili yanafutana, jumla inakaa sawa, na faida yako yote ya wiki imelipa noti zilizopotea bila wewe kujua.

Kwa hiyo kamisheni iwe na ukurasa wake. Kwa laini inayolipa papo hapo, kila usiku andika kamisheni ya siku. Ukiwa huioni moja kwa moja kwenye ripoti ya menyu, tumia meseji: salio jipya likizidi hesabu ya muamala kwa shilingi chache, hizo chache ni kamisheni. Kwa laini inayolimbikiza, andika salio la akaunti ya kamisheni kila usiku pamoja na mengine, lakini usilitie kwenye jumla ya mtaji mpaka siku ya kulihamisha. Siku hiyo liandike mara mbili: limetoka kwenye kamisheni, limeingia kwenye floti.

Mwisho wa mwezi jumlisha kamisheni za kila siku ulinganishe na taarifa ya mtandao. Kinachokufikia huwa kimekwisha kukatwa kodi ya zuio, kwa hiyo linganisha kabla ya kodi kwa kabla ya kodi, au baada kwa baada. Kiasi cha kodi kiandike peke yake na utunze taarifa hiyo, kwani utaihitaji unapofanya hesabu za kodi. Ikiwa taarifa ya mtandao ni ndogo kuliko ukurasa wako, tafuta kwanza miamala iliyorudishwa. Muamala ukifutwa, kamisheni yake nayo huondolewa, na wakala aliyeiandika siku ya kwanza husahau kuitoa siku ya pili.

Kisha weka kamisheni ya mwezi mbele ya jumla ya upungufu wa mwezi, laini moja moja na zamu moja moja. Kibanda cha Konde siku ile kilipata 4,850 kwenye laini inayolipa papo hapo, kikapoteza 10,000 mkononi. Pungufu kama hiyo ikitokea mara mbili kwa wiki, mwenye kibanda atahitaji mtu wa pili dirishani saa za msongamano, au kiwango cha juu cha kutoa kwa mteja mmoja wakati foleni ni ndefu. Ikionekana zamu moja tu, kabidhiana upya: anayeingia na anayetoka wahesabu droo pamoja, wasome salio la kila laini kwa sauti, na wote wawili watie saini kabla anayetoka hajavuka mlango.